SOMO LETU: Barua ya Kuomba Muda Baada ya Ugonjwa Kuchelewesha Kazi ya Kaunti

Mafundi, vikundi vya vijana, vikundi vya akina mama na watu wanaoishi na ulemavu wanaendelea kupata zabuni ndogo za kaunti. Wengi wao ni watu wa karakana moja, mikono miwili au minne, na mashine chache. Mwenye kazi akiugua, kazi yote husimama. Tarehe ya kukabidhi inapita, simu ya ofisi inalia, na fundi hajui aseme nini. Wengine hunyamaza mpaka wapone kabisa. Wengine huandika mistari miwili: “Nilikuwa mgonjwa, naomba mnivumilie, nitaleta hivi karibuni.”

Barua ya namna hiyo haimsaidii fundi wala afisa anayeisoma. Katika somo hili tutaeleza jinsi ya kuandika barua inayoweza kufanyiwa uamuzi, na hasa jinsi ya kupata tarehe mpya ambayo hutalazimika kuiomba tena. Tutafuata mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Mfano huu umetungwa kwa ajili ya somo, lakini hesabu zake ni zile ambazo fundi yeyote anaweza kuzifanya kwenye daftari lake.

KWA NINI BARUA NI LAZIMA

Ununuzi wa kaunti unaongozwa na Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya mwaka 2015. Kifungu cha 139 kinasema kwamba mabadiliko ya mkataba yana nguvu tu yakiidhinishwa kwa maandishi. Kuhusu muda wa mkataba, kifungu hicho kinampa afisa mwenye dhamana ya fedha za idara uwezo wa kukubali nyongeza ya muda, baada ya kupata pendekezo la kamati ya tathmini. Na ombi hilo lazima liambatane na barua ya mwenye zabuni inayoeleza sababu za kutaka muda zaidi.

Kwa hiyo barua yako ndiyo karatasi ambayo kamati itaiweka mezani. Ukizungumza na afisa kwa simu naye akakujibu, “Sawa, fundi, leta ukimaliza,” huo ni ubinadamu, lakini tarehe iliyo kwenye mkataba haijabadilika. Akihamishwa kesho, hakuna atakayejua mlikubaliana nini.

Kuna jambo jingine la kulijua mapema. Kifungu cha 140 cha sheria hiyo kinamfanya mwenye mkataba awajibike kulipa fidia akichelewa kutekeleza kazi. Angalia katika hati zako kama kiwango cha fidia kimeandikwa, kwa siku au kwa wiki, na mwisho wake ni kiasi gani. Muda ukiongezwa kwa maandishi, kuchelewa huhesabiwa kuanzia tarehe mpya. Usipoongezwa, siku zinaendelea kuhesabiwa kuanzia tarehe ya zamani.

Ugonjwa wenyewe haukupi haki ya kuongezewa muda moja kwa moja. Mikataba mingi ina sehemu inayozungumzia matukio yasiyozuilika, kama vile vita, mafuriko au tetemeko la ardhi. Kuugua kwa mtu mmoja mara nyingi hakuingii hapo, kwa sababu aliyepewa kazi ni biashara, na biashara inatarajiwa kuwa na mtu mwingine wa kushika nafasi. Ndiyo maana kamati itajiuliza swali moja kabla ya mengine: kwa nini mtu mmoja kuugua kulisimamisha kazi yote? Barua nzuri hulijibu swali hilo kabla halijaulizwa.

MFANO WETU

Fundi seremala mmoja alipata hati ya agizo la ununuzi, ile LPO, kutoka idara ya elimu ya kaunti. Alitakiwa kutengeneza meza 20 na viti 120 vya watoto wa chekechea. Ni vituo viwili, na kila kituo kinapata meza 10 na viti 60. Tarehe ya kukabidhi ilikuwa Ijumaa, 16 Mei 2025.

Katika karakana yake yuko yeye na msaidizi mmoja. Fundi hukata na kuunganisha. Msaidizi hupiga msasa na kupaka vanishi. Wakifanya hivyo, wanatoa viti 6 kwa siku, au meza 2 kwa siku. Hufanya kazi Jumatatu hadi Jumamosi.

Kufikia Jumamosi, 26 Aprili, walikuwa wamemaliza viti 60 na meza 12. Zilibaki viti 60 na meza 8. Viti 60 ni kazi ya siku 10, meza 8 ni kazi ya siku 4, na siku moja ya mwisho ni ya kukausha vanishi na kukagua. Jumla ni siku 15. Kuanzia Jumatatu, 28 Aprili, ukiacha sikukuu ya Wafanyakazi tarehe 1 Mei, siku ya 15 ya kazi ilikuwa Alhamisi, 15 Mei. Ijumaa, 16 Mei, wangepakia gari na kukabidhi. Mpango ulikuwa sawa, ila haukuwa na hata siku moja ya akiba.

Jumatatu hiyo ya 28 Aprili fundi alilazwa hospitalini. Alitoka Jumamosi, 3 Mei, akaambiwa apumzike nyumbani hadi 17 Mei, kisha afanye kazi nyepesi kwa wiki moja, hadi 24 Mei. Msaidizi aliendelea na msasa na vanishi kwenye vitu vilivyokuwa tayari, lakini hakuweza kutumia msumeno wa mashine wala kuunganisha. Hakuna aliyeiarifu ofisi. Jumatatu, 19 Mei, fundi alirudi karakanani, siku tatu baada ya tarehe kupita, na asubuhi hiyo ndiyo anakaa kuandika.

Ingekuwa vyema ofisi ingepata taarifa mapema. Barua ya mistari mitatu iliyopelekwa na msaidizi au mke wa fundi wiki ya kwanza ingetosha: fundi amelazwa, tarehe ya 16 Mei iko hatarini, maelezo kamili yatafuata. Ombi linalofika wakati mkataba bado uko hai ni rahisi kushughulikia kuliko lile linalofika baada ya tarehe kupita. Lakini likishapita, dawa ni kuandika siku hiyo hiyo unaporudi, bila kungoja umalize kazi kwanza.

KUPATA TAREHE YA UHAKIKA

Hapa ndipo barua nyingi huharibika. Mtu anaona aibu kwa kuchelewa, kwa hiyo anataja tarehe ya karibu ili kumpendeza afisa. Tarehe hiyo nayo inapita, na sasa hana ugonjwa wa kuutaja. Kuchelewa mara ya pili ndiko kunakoifanya ofisi ifikirie kuvunja mkataba.

Tarehe ya uhakika haitafutwi kwa kutazama kalenda na kuchagua siku inayopendeza. Inatokana na kazi iliyobaki. Fundi wetu anahesabu hivi.

Kwanza, anaandika kilichobaki: viti 60 na meza 8.

Pili, anaandika kasi yake ya kweli kwa sasa. Wiki ya kwanza daktari amemwambia afanye kazi nyepesi. Kwa hiyo hawezi kujiandikia viti 6 kwa siku. Anaandika nusu, viti 3. Kuanzia Jumatatu, 19 Mei, hadi Jumamosi, 24 Mei, ni siku 6, sawa na viti 18. Vinabaki viti 42.

Tatu, anarudi kwenye kasi ya kawaida. Viti 42 kwa viti 6 kila siku ni siku 7. Kuanzia Jumatatu, 26 Mei, hadi Jumamosi, 31 Mei, ni siku 6. Sikukuu ya Madaraka, 1 Juni, inaangukia Jumapili, kwa hiyo Jumatatu, 2 Juni, ni mapumziko. Siku ya saba ni Jumanne, 3 Juni. Viti vimeisha.

Nne, meza 8 kwa meza 2 kila siku ni siku 4. Jumatano, 4 Juni, na Alhamisi, 5 Juni, ni siku mbili. Idd-ul-Adha inatarajiwa mwisho wa wiki hiyo na hutegemea kuandama kwa mwezi, kwa hiyo fundi haihesabu Ijumaa wala Jumamosi. Anaendelea Jumatatu, 9 Juni, na Jumanne, 10 Juni. Meza zimeisha.

Tano, Jumatano, 11 Juni, ni siku ya kukausha vanishi na kukagua kila kiti kama kimesimama imara. Kama kila kitu kingeenda sawa, angeweza kukabidhi Alhamisi, 12 Juni.

Sita, anaongeza akiba. Safari hii anajiwekea siku 3 za kazi, kwa ajili ya umeme kupotea, mvua kuzuia vanishi kukauka, au gari kukosekana. Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi, tarehe 12 hadi 14 Juni, zinakuwa akiba. Tarehe anayoiandika kwenye barua ni Jumatatu, 16 Juni 2025.

Kisha anaipima tarehe hiyo kwa jambo la mwisho: mwaka wa fedha. Mwaka wa fedha wa serikali huisha tarehe 30 Juni. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012, fedha zilizotengwa ambazo hazijatumika kufikia mwisho wa mwaka haziendelei zenyewe hadi mwaka unaofuata. Vitu vikiletwa Julai, malipo yake hulazimika kutafutiwa nafasi katika bajeti mpya, na fundi anaweza kungoja kwa muda mrefu. Kati ya 16 Juni na 30 Juni zipo siku 10 za kazi za ofisi. Hapo kamati ya ukaguzi na upokeaji inaweza kuvihesabu vitu, kuvikagua na kutia sahihi, na ankara ikaingia. Angeandika 30 Juni yenyewe, angekuwa ametimiza ahadi kwa kaunti na kujinyima malipo ya mwaka huo.

Je, kama hesabu ingeangukia katikati ya Julai? Basi asingeipunguza hesabu kwa kalamu. Angepunguza kazi, kwa mfano kwa kuajiri fundi wa pili kwa malipo ya siku, kisha angehesabu upya. Afahamu tu kwamba kumwajiri mtu aje kufanya kazi katika karakana yako si sawa na kumkabidhi mwingine zabuni yako. Hilo la pili mikataba mingi hulikataza bila idhini ya maandishi.

USIANDIKE UGONJWA, ANDIKA SIKU

Watu wengi hudhani kwamba wakitaja ugonjwa kwa kirefu wataonewa huruma. Wanaandika jina la ugonjwa, dawa walizopewa, hata kuambatisha majibu ya maabara. Hakuna haja. Barua ya zabuni huwekwa kwenye faili, na faili hupita mikononi mwa watu wengi: masjala, kitengo cha ununuzi, kamati, uhasibu na wakaguzi wa hesabu. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inahesabu habari za afya ya mtu kuwa habari nyeti. Wewe mwenyewe usizitawanye.

Ambacho kamati inahitaji ni siku. Ulianza lini kutoweza kufanya kazi, uliruhusiwa lini kurudi, na kama umerudi kwa nguvu kamili au kwa kazi nyepesi. Mwombe daktari au afisa wa kliniki cheti cha mapumziko kinachoonyesha tarehe hizo, chenye muhuri na sahihi. Tarehe za cheti na tarehe za barua zilingane. Cheti kikisema ulipumzika hadi 17 Mei na barua ikisema ulirudi tarehe 12, kamati itaitilia shaka barua nzima.

Pili, onyesha kwamba kazi ilikuwa ikiendelea kama ilivyopangwa kabla hujaugua. Hili lina uzito kuliko maelezo ya maumivu. Kama kufikia siku ya kuugua ulikuwa hujaanza hata kununua mbao, basi ugonjwa si sababu ya kuchelewa, na msomaji ataliona hilo mara moja. Fundi wetu anazo hesabu zake: alikuwa amebakiza kazi ya siku 15, na siku 15 zilikuwapo.

Tatu, usichanganye maombi. Ukiomba muda, omba muda tu. Wengine huongeza hapo hapo kwamba mbao zimepanda bei, kwa hiyo wanataka kuongezewa pesa. Kifungu kile kile cha 139 kinakataza bei ya mkataba kuongezwa ndani ya miezi 12 tangu kutiwa sahihi. Ombi hilo litakataliwa, na litaifanya barua yako ionekane kama ya mtu anayetafuta mwanya.

BARUA YENYEWE

Barua huelekezwa kwa afisa mkuu wa idara iliyokupa kazi, na nakala hupelekwa kwa mkuu wa kitengo cha ununuzi. Mahali penye vitone, jaza yako.

…………………… (jina la biashara)
S.L.P. ……………
Simu: ……………
19 Mei 2025

Afisa Mkuu,
Idara ya Elimu,
Serikali ya Kaunti ya ……………,
S.L.P. ……………

Bwana/Bibi,

KUH: OMBI LA KUONGEZEWA MUDA HADI 16 JUNI 2025 – LPO NAMBARI ………, MEZA 20 NA VITI 120 VYA CHEKECHEA

Nilitakiwa kukabidhi meza 20 na viti 120 kufikia Ijumaa, 16 Mei 2025. Sikutimiza tarehe hiyo. Naomba muda uongezwe hadi Jumatatu, 16 Juni 2025, na naeleza sababu na mpango wangu hapa chini.

Kufikia 26 Aprili 2025 nilikuwa nimemaliza viti 60 na meza 12, na kazi iliyobaki ilihitaji siku 15 za kazi ambazo zilikuwapo kabla ya 16 Mei. Tarehe 28 Aprili nililazwa hospitalini, na sikuweza kufanya kazi hadi 17 Mei. Nimeruhusiwa kufanya kazi nyepesi hadi 24 Mei, na kazi ya kawaida baada ya hapo. Cheti cha hospitali kinachoonyesha tarehe hizi kimeambatishwa.

Katika karakana yetu mimi ndiye ninayetumia msumeno wa mashine na kuunganisha. Msaidizi wangu alimalizia vitu vilivyokuwa vimeunganishwa, lakini hakuweza kuanza vipya. Kwa sababu nilikuwa nimelazwa, sikuiarifu ofisi yako kabla ya tarehe kupita, na kwa hilo naomba radhi.

Kazi iliyobaki ni viti 60 na meza 8. Nitaitekeleza hivi:
Kufikia 24 Mei: viti 18.
Kufikia 3 Juni: viti vyote 60.
Kufikia 10 Juni: meza zote 8.
11 Juni: vanishi ya mwisho na ukaguzi wangu.
12 hadi 14 Juni: siku za akiba.
16 Juni: kukabidhi katika kituo.

Kila Jumamosi nitaiandikia ofisi ya ununuzi idadi iliyokamilika. Nikishindwa tena kufanya kazi kwa sababu ya afya, fundi ……………, ambaye amekubali kwa maandishi, atakuja kuendeleza kazi katika karakana hii kwa gharama yangu. Makubaliano yetu yameambatishwa.

Viti 60 na meza 12 viko tayari sasa. Ukiruhusu, naweza kukabidhi viti 60 na meza 10 katika kituo cha kwanza wiki hii, ili watoto wa kituo hicho wasingoje. Bei ya mkataba haibadiliki.

Naomba jibu la maandishi.

Wako mwaminifu,

(Sahihi)
……………………
Mmiliki

Viambatisho: nakala ya LPO; cheti cha hospitali; makubaliano na fundi wa akiba; picha za vitu vilivyo tayari.

Nakala: Mkuu wa Kitengo cha Ununuzi

TUIANGALIE KIDOGO

Tarehe mpya iko kwenye kichwa cha barua, tena ni siku moja, si “mwisho wa mwezi” wala “wiki tatu baada ya kuruhusiwa.” Afisa akisoma mstari mmoja tu anajua anaombwa nini. Ukiandika “siku 30,” mmoja atahesabu kuanzia siku ya barua, mwingine kuanzia siku ya idhini, na mtagombana mwezi ukiisha.

Fundi amesema wazi kwamba hakutimiza tarehe. Hakusema “kumetokea ucheleweshaji,” kana kwamba umetokea wenyewe. Kisha hakurudia radhi zaidi ya mara moja. Nafasi iliyobaki ameipa mpango.

Zile tarehe za katikati ndizo zinazoipa 16 Juni nguvu. Afisa hahitaji kungoja siku ya mwisho ili ajue kama ahadi itatimia. Jumamosi, 24 Mei, anatazamia viti 18. Akipata taarifa ya viti 8, anajua mapema kwamba tarehe inateleza, na fundi naye anajua ni wakati wa kumwita yule fundi wa akiba. Ukikosa kufikia alama ya katikati, andika siku hiyo hiyo. Usijifariji kwamba utafidia mbele.

Kutoa kilicho tayari pia kuna uzito wake. Kuna kituo kinachongoja viti, na nusu ya watoto wanaweza kukaa wiki hii. Lakini usipeleke kabla ya kuruhusiwa. Kamati ya ukaguzi inapaswa kujua inapokea sehemu tu, na hati zako zinaweza kudai kwamba vitu vyote vije pamoja na kulipwa mara moja.

BAADA YA KUANDIKA

Peleka nakala mbili katika masjala ya idara. Moja ibaki, nyingine ipigwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, urudi nayo nyumbani. Nakala hiyo ndiyo ushahidi kwamba uliomba, na siku uliyoomba. Ukituma pia kwa barua pepe, hifadhi ujumbe huo, lakini usiache kupata muhuri.

Endelea na kazi kwa mpango ulioandika, na siku chache baadaye uliza katika kitengo cha ununuzi barua imefika wapi. Jibu linaweza kuwa kukubaliwa, kukubaliwa kwa tarehe tofauti, au kukataliwa. Likiwa ni kukubaliwa, soma tarehe iliyoandikwa na uone kama ni ile uliyoomba. Ikiwa ni ya mapema zaidi, kwa mfano 6 Juni, rudi kwenye hesabu yako kabla ya kuikubali. Fundi wetu anajua kwamba kufikia 5 Juni atakuwa na viti vyote na meza 4 tu mpya. Kwa hiyo anaweza kujibu kwa maandishi kwamba tarehe 6 Juni inawezekana akimwita fundi wa pili mara moja, au haiwezekani. Kunyamaza kutachukuliwa kuwa umekubali.

Likiwa ni kukataliwa, barua itaeleza hatua inayofuata, iwe ni fidia ya kuchelewa au kukatizwa kwa mkataba. Hapo ndipo nakala yenye muhuri, cheti, na taarifa zako za kila Jumamosi zitakapokufaa, kwa sababu zinaonyesha ulichofanya na lini.

Mkazi unayetaka kuona sharti la muda na fidia katika mkataba wako kabla ya kuandika, beba LPO yako na hati za zabuni na ufike katika kitengo cha ununuzi cha idara iliyokupa kazi. Uliza ukurasa unaotaja muda wa kukabidhi na ule unaotaja fidia ya kuchelewa. Kurasa hizo mbili, daftari la kazi iliyobaki na kalenda yenye sikukuu ndivyo utakavyohitaji kuwa navyo mezani unapoanza kuandika.